Kaye moja, mistari miwili: kabla ya tarehe ya lempo

(Maneno yaliyosemwa Baraka, 2019, mbele ya wanachama wenye biashara ndogo)



Mlangoni mumesoma karatasi ya kontable wetu: "Tarehe ya kudeklare mauzo ya 2018 inakaribia. Leta kaye yako. Nitakusaidia kuhesabu." Tarehe yenyewe iko pale chini, kwa hiyo siirudilie. Ninataka kuwaeleza kwa nini ameandika "leta kaye" na hakuandika "leta feza".

Lempo ya biashara ndogo kwa mauzo ya 2018 inafuata sheria ya mwaka 2013. Mwenye kuuza kwa mwaka mzima isiyopita franka 10 000 000 analipa kiasi kimoja: 50 000. Akipita hapo, mpaka 80 000 000, anayeuza vitu analipa 1 kwa mia ya mauzo yake, na anayefanya kazi ya huduma, sawa mshonaji ao kinyozi, analipa 2 kwa mia. Sikilizeni vizuri: ni ya mauzo, si ya faida. Ukiuza mufuko wa unga 60 000 na faida yako ni 3 000, 1 kwa mia ni 600. Hiyo ni moja ya tano ya faida yako. Njo maana mpaka wa milioni 10 ni kitu kikubwa kwetu.

Sasa niwape mfano wa mama mmoja, muuza ndagala, sabuni na chumvi. Alikuja kwa kontable na kaye iliyoandikwa vizuri sana, kila siku, bila kuruka. Alijumlisha mwenyewe, akapata 11 600 000. Akasema: "Basi mimi nimepita, nitalipa 116 000. Nitazitosha wapi?"

Kontable akafungua kaye ukurasa kwa ukurasa, akimuuliza kila feza kubwa imetoka wapi. Mauzo ya meza yalikuwa karibu 30 000 kwa siku, siku 300: ni 9 000 000. Halafu kulikuwa 1 200 000 ya likelemba, siku zamu yake ilipofika. Kulikuwa 600 000 ya mkopo wa shirika letu. Na 800 000 ambazo mtoto wake aliyebaki Tanzania alimtumia mara kwa mara. Yote aliandika chini ya neno moja: "imeingia".

Lakini likelemba si mauzo. Ni feza zake mwenyewe, alizokuwa anatoa 100 000 kila mwezi kutoka kwa ndagala aliyokwisha kuuza. Kuiandika tena ni kuhesabu ndagala ileile mara mbili. Mkopo ni deni, ataurudisha. Ya mtoto ni msaada wa nyumbani. Ukitoa hizo tatu, inabaki 9 000 000, na lempo ni 50 000. Yule mama karibu alipe 66 000 zaidi, si juu ya mtu kumuibia, ni juu ya mstari mmoja uliokosekana.

Kwa hiyo kuanzia leo piga mistari miwili mu kaye. Upande mmoja andika "mauzo", upande mwingine "feza ingine", na kando useme imetoka wapi. Karatasi ya mkopo na ya likelemba zichunge ndani ya kaye, kwa sababu ajenti wa DGI akiuliza, neno la kinywa halitoshi. Ukikopesha muteja, andika jina na kiasi pembeni. Siku analipa, njo unaweka ku mauzo, mara moja tu. Ukiuza kwa dola, andika palepale franka zake kwa bei ya siku hiyo.

Na ile tikiti ya soko ya kila siku haihusu jambo hili. Ni kitu kingine, haiondoi lempo ya mwaka.

Asiye na kaye na asiyedeklare, sheria inaruhusu biro ya lempo ikadirie mauzo yake. Watatazama meza yako siku ya soko, wakati imejaa. Siku za mvua, meza iko tupu, hawatazihesabu. Bila kaye utawajibu na nini?

Kontable anakaa ku biro yetu kila siku ya posho, asubuhi. Kufungua kaye na kuhesabu mara ya kwanza ni bure kwa wanachama. Atakayetaka amufuatie kila mwezi watapatana bei. Yeye hapokei feza ya lempo, hata ukimuomba akupelekee. Hiyo unalipa mwenyewe ku banki, na karatasi ya banki unaichunga.

Ile tarehe ni siku ya mwisho ya kupeleka, si siku ya kuanza kuhesabu. Kaye ya mwaka mzima inaomba asubuhi mbili. Tafazali, msije wote posho ya mwisho.