MAHITAJI NA MATARAJIO: CHANZO CHA ARI NA ULEGEVU WA WATUMISHI WA CHAMA

Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi



Katika mafunzo ya utawala wa watumishi, slaidi za motisha hufanana karibu kila mahali. Kwanza huonyeshwa piramidi yenye ngazi tano, kisha huonyeshwa visanduku vitatu vilivyounganishwa kwa mishale. Piramidi ni picha ya nadharia ya mahitaji. Visanduku ni picha ya nadharia ya matarajio. Wanaohudhuria hunakili picha zote mbili na kurudi vyamani mwao, lakini ni nadra kuelezwa ni wakati gani itumike hii na ni wakati gani itumike ile. Hotuba hii inahusu swali hilo moja. Bodi inayokosea hapo hutumia fedha za wanachama kutibu ugonjwa ambao mtumishi hana.

Nadharia ya mahitaji

Nadharia hii ilielezwa na Abraham Maslow, mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, katika makala ya mwaka 1943. Alisema kwamba binadamu husukumwa na yale anayoyakosa: kwanza chakula na mahitaji ya mwili, kisha usalama, kisha upendo na kuwa miongoni mwa wenzake, kisha heshima, na mwisho kukamilisha vipaji vyake. Hitaji likitoshelezwa, nguvu yake ya kumsukuma hupungua, na lile linalofuata hujitokeza.

Slaidi huacha mambo mawili muhimu. Jambo la kwanza ni kwamba Maslow hakuchora piramidi katika makala yale, wala hakusema kwamba ngazi ya chini lazima ijazwe kabisa kabla ya mtu kupanda. Alitoa mfano wa mtu ambaye mahitaji yake ya mwili yametimizwa kwa asilimia 85, usalama kwa asilimia 70, na heshima kwa asilimia 40, yote kwa wakati mmoja. Jambo la pili ni kwamba mwaka 1976 watafiti Wahba na Bridwell walipitia tafiti zilizokwisha kufanywa, wakaona kwamba ushahidi wa mpangilio wa ngazi hizo ni haba. Kwa hiyo nadharia hii itumike kuuliza mtumishi amepungukiwa na nini, si kubashiri atataka nini kesho.

Chukueni mfano wa mlinzi wa ofisi ya chama cha akiba na mikopo huko Mbweni, Wilaya ya Kinondoni. Mfano huu, na ule wa karani utakaofuata, imetungwa kwa ajili ya mafunzo. Mlinzi amekutwa amelala zamu mara tatu. Bodi inapendekeza kuanzisha zawadi ya mlinzi bora wa mwaka. Lakini mshahara wake umechelewa miezi miwili, hivyo mchana hubeba zege kwenye majengo yanayoinuka huko huko Mbweni. Usiku hana kibanda wala koti la mvua, na masika yanapoingia hujibanza chini ya baraza. Mtu huyu haihitaji zawadi ya mwisho wa mwaka. Anahitaji mshahara siku yake, kibanda, koti na taa. Hapa nadharia ya mahitaji inatosha, na dawa yake ni kumpa anachokosa.

Hata hivyo, dawa hiyo ina mpaka. Mwaka 1959 Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200 wa eneo la Pittsburgh. Walihitimisha kwamba mshahara, usimamizi na mazingira ya kazi vikiwa vibaya huleta manung'uniko. Vikirekebishwa, manung'uniko hupungua, lakini ari haiji kwa sababu hiyo tu. Mlinzi aliyepata koti atakaa macho. Hilo halina maana kwamba ataanza kubuni njia bora za ulinzi.

Nadharia ya matarajio

Victor Vroom, katika kitabu chake cha mwaka 1964, hakuuliza mtu amekosa nini. Aliuliza mtu anaamini nini kuhusu juhudi zake. Kabla ya kujitahidi, mtumishi hujiuliza maswali matatu, hata kama hayatamki. Nikijitahidi, je, kazi itafanikiwa? Hilo ni tarajio. Kazi ikifanikiwa, je, nitalipwa kama nilivyoahidiwa? Hicho ni kiungo kati ya kazi na malipo. Na malipo hayo, je, yana maana kwangu? Hiyo ni thamani.

Jambo la kushika ni kwamba Vroom aliyazidisha majibu hayo; hakuyajumlisha. Kama thamani ni 0.9 na kiungo ni 0.8, lakini tarajio ni 0, jawabu ni 0. Zawadi kubwa haiwezi kuziba pengo la lengo lisilowezekana. Piramidi haiwezi kulionyesha jambo hilo.

Karani wa madeni

Katika chama kile kile cha mfano, mikopo iliyopita muda wa kulipwa imefikia shilingi milioni 24. Bodi inaweka lengo: katika miezi 6 deni hilo lishuke hadi milioni 12. Likifikiwa, watumishi 6 wa chama watagawana zawadi ya shilingi 300,000. Kazi ya kufuatilia wadaiwa ni ya karani mmoja.

Miezi minne inapita na deni halijapungua. Bodi inadhani karani ana shida nyumbani, inamwongezea posho ya nyumba. Hakuna kinachobadilika. Lakini karani huyo hufika mapema, vitabu vyake vya akiba hufungwa jioni ile ile, na wanachama humsifu dirishani. Ulegevu wake uko katika kazi moja tu.

Orodha ya wadaiwa inaeleza sababu. Katika milioni 24, milioni 9 zinadaiwa wajumbe wa bodi na watu waliodhaminiwa nao. Karani hawezi kumwandikia barua kali mtu anayetia saini mkataba wake wa kazi. Milioni 6 nyingine zinadaiwa wanachama waliohama, na fomu za wadhamini wao hazina saini au anwani. Zinazoweza kufuatiliwa ni milioni 9 zilizobaki, ilhali lengo linataka zikusanywe milioni 12. Hata akirudisha kila shilingi iliyo katika uwezo wake, atapungukiwa na milioni 3. Alilijua hilo tangu siku ya kwanza. Tarajio lake ni sifuri.

Kiungo nacho ni dhaifu. Mwaka uliotangulia bodi iliahidi zawadi ambayo haikuwa katika makisio ya mapato na matumizi, na mkutano mkuu ukaikataa. Thamani nayo haipo. Fungu lake katika 300,000 ni shilingi 50,000. Nauli ya kwenda Boko, Bunju na Tegeta kuwatafuta wadaiwa ni shilingi 3,000 kwa wiki, na huitoa mfukoni mwake. Kwa wiki 26 ni shilingi 78,000. Angefanikiwa, angepata hasara ya shilingi 28,000.

Marekebisho hayadai kuongeza zawadi. Wajumbe wa bodi waandikishe ratiba ya kulipa madeni yao, na barua zao zitiwe saini na mwenyekiti mwenyewe. Kamati ya mikopo ichukue kazi ya kuwasaka wadhamini wa zile milioni 6. Karani apewe lengo la kukusanya milioni 6 katika milioni 9 zilizo mkononi mwake. Nauli ilipwe na chama. Kisha zawadi iingizwe katika makisio yaliyopitishwa na mkutano mkuu, na ilipwe kila mwezi: shilingi 50,000 kwa kila milioni iliyorudi. Akizikusanya zote sita, atapata shilingi 300,000, yaani fedha zile zile za mwanzo. Watumishi wengine waelezwe sababu, na wawekewe malengo ya kazi zao wenyewe, la sivyo manung'uniko yatahama kutoka meza moja kwenda nyingine.

Upo pia mtego wa kuuangalia. Anayelipwa kwa kila deni linalorudi anaweza kushawishika kumpatia mdaiwa mkopo mpya ili alipe ule wa zamani. Vitabuni deni limelipwa, lakini kwa kweli limebadilishwa jina. Dalili yake ni stakabadhi ya malipo yenye tarehe ile ile, au siku chache tu baada, ya mkopo mpya wa mwanachama huyo huyo. Malipo ya namna hiyo yasihesabiwe kwenye zawadi.

Namna ya kutambua

Mifano hii miwili inatoa kipimo ambacho katibu yeyote anaweza kukitumia. Upungufu wa mahitaji humfuata mtu katika kazi zake zote: huchelewa, huomba fedha za mshahara kabla ya mwezi, huchoka kila mahali, na mara nyingi wenzake nao huwa hivyo. Kuvunjika kwa matarajio huonekana katika kazi moja, huku mtu yule yule aking'ara katika nyingine. Kwa hiyo, kabla ya kuamua dawa, katibu aandike kazi zote za mtumishi na aweke alama panapolegea.

Kipimo hiki kinawafaa wanachama pia, kwani mwanachama anayepeleka mazao chamani naye hupima kama juhudi zake zitalipwa. Katika mfumo wa stakabadhi ghalani, ulioanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara mwaka 2007, mkulima alipata malipo ya awali na kungoja malipo ya pili. Aprili 2013, huko Liwale mkoani Lindi, ghasia zilizuka na nyumba zikachomwa moto baada ya wakulima kuambiwa kwamba malipo ya pili yangekuwa pungufu sana kuliko walivyotarajia. Wakulima hao walikuwa wamekwisha kupokea malipo ya kwanza, hivyo kipato pekee hakitoshi kueleza hasira ile. Kilichokatika ni kiungo kati ya korosho iliyopelekwa ghalani na fedha iliyongojwa. Chama kinachotangaza malipo ya pili kabla ya mnada kumalizika hujitengenezea hatari hiyo. Ni salama zaidi kutangaza kiasi ambacho tayari kimo katika akaunti.

Nadharia ya matarajio nayo ina mipaka yake. Hudhani kwamba mtu hupiga hesabu kabla ya kutenda, ilhali mengi hutendwa kwa mazoea, kwa haya au kwa uaminifu kwa wenzake. Tarakimu zake hazipimwi kwa mizani. Husaidia kulinganisha kazi mbili za mtu mmoja, si kumlinganisha karani na mlinzi. Thamani nayo haikisiwi na bodi. Mtumishi mmoja atapenda fedha, mwingine atapenda nafasi ya masomo katika Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, na njia ya kujua ni kumuuliza.

Bodi itakapoketi kujadili mtumishi aliyelegea, ianze na mshahara na vifaa: je, vimelipwa na kutolewa kwa wakati? Kama havijatolewa, mjadala wa zawadi usubiri. Kama vimetolewa, mtumishi aitwe na aulizwe maswali matatu ya Vroom, na majibu yake yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Pale jibu la swali la kwanza linapokuwa "haiwezekani", kinachopaswa kubadilishwa kwanza ni lengo.