Kibanja Hakivuki Mto Kagera
Mhadhara wa umma kuhusu mirathi ya mtu wa Karagwe na Kyerwa aliyefia kazini ng'ambo



Ukisimama Murongo ukatazama mbele, unaiona Kikagati. Katikati upo Mto Kagera tu. Tangu enzi za wakoloni watu wetu wameuvuka kwenda Buganda kutafuta kazi mashambani, na hadi leo wanauvuka kwenda Mbarara, Masaka na Kampala. Wengine hurudi na mali, wengine hurudi ndani ya jeneza. Wanaorudi kwenye jeneza huacha swali ambalo kikao cha ukoo hulimaliza kwa dakika kumi, na mahakama ikaja kulihangaikia kwa miaka kumi: mali ya huyu igawiwe kwa sheria ya nchi gani?

Nitalijibu kwa kumfuata mtu mmoja wa mfano. Si mtu halisi, lakini kila kilichompata ni cha kawaida kwetu. Aliondoka Nkwenda mwaka 1996, akapata kazi ya ufundi kwenye kinu cha kukoboa kahawa Masaka. Alifariki mwaka 2023 bila wosia. Nyumbani ameacha mke wa ndoa, watoto wanne, mama mzazi, kibanja cha migomba na mibuni cha eka tatu, na nyumba ya kupangisha Omurushaka. Masaka ameacha mwanamke aliyeishi naye na watoto wawili, pikipiki, na shilingi za Uganda milioni nane benki. Kibanja kinaangaliwa na mdogo wake.

Sheria haiichukulii mali hii kama fungu moja. Inaikata vipande viwili. Ardhi na kilichojengwa juu yake hufuata sheria ya nchi ilipo. Mali inayohamishika, yaani fedha, pikipiki, mifugo na madai ya mshahara, hufuata sheria ya nchi ambayo marehemu aliifanya makao yake ya maisha. Kanuni hii ipo pande zote mbili za mto, na si kwa bahati. Sheria ya Urithi ya Uganda chimbuko lake ni ya mwaka 1906, iliyoundwa kwa mfano wa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, na sheria hiyohiyo ya India bado inatumika Tanzania kwa baadhi ya mirathi. Ni kama ndugu wa baba mmoja waliotenganishwa na mpaka.

Kwa hiyo kibanja cha Nkwenda na nyumba ya Omurushaka vinagawiwa kwa sheria ya Tanzania, hata kama marehemu angeishi Masaka miaka mia. Hakuna mahakama ya Uganda inayoweza kuamua nani arithi migomba ile. Kahawa ndiyo huchanganya akili. Ikiwa bado mtini, ni sehemu ya ardhi, inakwenda na kibanja. Ikishachumwa, ikaanikwa na kutiwa kwenye magunia, imekuwa mali inayohamishika, na malipo yake yaliyoko chama cha msingi kwa jina la marehemu vilevile. Mtu akifa mwezi wa Mei mavuno yakianza, siku ya kuchuma inaweza kubadili sheria inayotawala mazao ya msimu mzima. Ndiyo maana nawaomba wasimamizi waandike kwenye orodha kahawa iliyokuwa imechumwa siku ya kifo, kwa magunia, kabla mtu hajaipakia.

Sasa zile milioni nane. Tuseme makao ya maisha ya marehemu yalikuwa Uganda. Baada ya marekebisho ya mwaka 2022, sheria ya kule huwapa watoto asilimia 75, mwenzi asilimia 20, wategemezi kama yule mama mzazi asilimia 4, na mrithi wa kimila asilimia 1. Watoto sita watagawana milioni sita, mjane atapata milioni moja na laki sita. Tuseme makao yake yalibaki Kyerwa, na mirathi yake ikaangukia ile sheria ya 1865. Mjane huchukua theluthi moja, karibu milioni mbili na laki saba, na watoto theluthi mbili. Kwa mjane huyu, jibu la swali moja lina thamani ya zaidi ya milioni moja.

Makao ya maisha si uraia, na si mahali mtu alipolala usiku wa mwisho. Kila mtu huzaliwa nayo, na hubaki nayo mpaka ithibitike kuwa amehamia nchi nyingine kwa nia ya kudumu huko. Miaka 27 ya kazi ni ushahidi, lakini kazi peke yake haitoshi. Mahakama itauliza mambo madogo. Alikuwa anarudi nyumbani lini? Ada ya chama cha kuzikana aliilipa wapi? Nyumba ya kudumu aliijenga wapi? Aliwaambia watu atazikwa wapi? Katika mizigo iliyorudi na maiti huenda kuna kitambulisho cha Uganda, ile Ndaga Muntu ambayo wengi wa mpakani huichukua ili wapate kazi au laini ya simu. Familia huificha kwa hofu. Msiifiche. Peke yake haithibitishi kwamba mtu alihama moyoni, lakini ikigunduliwa baadaye, itaharibu ushahidi wote mlioutoa kwa kweli.

Hapa nafika kwenye jambo lililonileta. Swali la jirani na hilo, la makazi ya kudumu, ndilo linaloamua mlango wa mahakama, na ndipo familia nyingi hupotelea. Desturi yetu ni kwenda Mahakama ya Mwanzo iliyo karibu na kibanja. Lakini Jedwali la Tano la Sheria ya Mahakama za Mahakimu haliangalii kibanja kilipo. Linaangalia kama marehemu, alipokufa, alikuwa na makazi ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo, na kama mirathi yake inaongozwa na sheria ya kimila au ya Kiislamu. Ardhi haimpi hakimu mamlaka. Makazi ndiyo yanayompa.

Tazama linavyoharibika. Hakimu anamteua mdogo wa marehemu kuwa msimamizi. Anauza nyumba ya Omurushaka, mnunuzi anaweka bati jipya na wapangaji. Baada ya miaka sita watoto wa Masaka wanafika na ushahidi kwamba baba yao alikuwa na makazi ya kudumu Uganda. Mahakama ya juu inafuta uteuzi, na ununuzi nao unayumba. Dalili ya hatari huonekana mapema, kwenye fomu ya maombi yenyewe: mahali pa makazi ya marehemu pameandikwa Nkwenda, na cheti cha kifo kilichoambatishwa kinasema Masaka. Mkiona hivyo, elezeni tofauti hiyo kwa kiapo na mashahidi kabla uteuzi haujatolewa.

Pale ambapo makazi yana shaka, au mali iko pande mbili za mto, ushauri wangu ni kwenda Mahakama Kuu, Bukoba. Ni mbali na ni gharama, najua. Lakini mamlaka yake juu ya mirathi hayategemei kijiji. Huko mtatakiwa kuleta cheti cha kifo, ridhaa za warithi, dhamana, na kiapo kinachoeleza makao ya marehemu. Ikiwa imepita miaka mitatu tangu kifo, maombi yaeleze sababu ya kuchelewa. Faida yake kubwa iko benki ya Masaka. Benki ile haitamlipa mtu kwa karatasi ya Mahakama ya Mwanzo ya Kyerwa. Hati ya Mahakama Kuu yetu inaweza kupelekwa Mahakama Kuu ya Uganda ipigwe muhuri wao, kwa kuwa nchi zote mbili zimo katika Jumuiya ya Madola, na kule ipo sheria mahsusi ya kazi hiyo. Njia hiyo inafanya kazi kwa kurudi pia: hati iliyotolewa Kampala huweza kupigwa muhuri na Mahakama Kuu yetu. Aliyefia Omani hana mlango huo, kwa sababu Omani si mwanachama, na warithi wake hulazimika kufungua shauri upya hapa kwa ajili ya ardhi.

Watakaobaki Mahakama ya Mwanzo, kwa kuwa makazi Kyerwa hayana ubishi, wakumbuke kwamba lugha ya mahakama hiyo ni Kiswahili. Cheti cha Uganda kitafsiriwe. Majina yakitofautiana, yale ya cheti na yale ya kitabu cha chama cha msingi, kitolewe kiapo cha majina mapema. Msimamizi ana miezi minne kuwasilisha Fomu Namba V, orodha ya mali na madeni, kisha hesabu kwa Fomu Namba VI. Wengi hupokea barua ya uteuzi wakadhani wamepewa kibanja. Wamepewa kazi tu.

Na yule mdogo wa marehemu? Akikataa kutoka, mjane au mtoto asikimbilie baraza la ardhi kwa jina lake mwenyewe. Shauri litaondolewa, kwa kuwa anayeweza kudai mali ya marehemu ni msimamizi. Muda wa kudai ardhi ni miaka 12, na kwa kibanja kilichokuwa mikononi mwa marehemu mpaka kufa kwake unahesabiwa tangu siku ya kifo. Hauanzi kuhesabiwa siku mtakayopata msimamizi. Ukoo unaosema tusubiri matanga yaishe, tusubiri watoto wakue, unaila ile miaka 12 bila kujua.

Tukisema sheria ya Tanzania, bado tuna tatu: ya kimila, ya Kiislamu, na ile ya 1865. Mahakama hutazama maisha ya marehemu na kusudio lake. Katika mirathi ya Innocent Mbilinyi, mwaka 1969, marehemu alionekana kuwa ameacha maisha ya kimila, na sheria ya 1865 ikatumika. Kwa mtu aliyeishi nje miaka 27 hoja hiyo ni nzito. Na hata mila ikitumika, haiji jinsi ilivyoandikwa mwaka 1963. Kutoka mkoa wetu huu, katika shauri la Ephrahim na Holaria Pastory la mwaka 1990, Jaji Mwalusanya alikataa kanuni iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi, kwa kuwa ilipingana na haki zilizomo katika Katiba. Mabinti wa marehemu wetu wasiambiwe kwamba kibanja ni cha wanaume. Nao wale wawili wa Masaka, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake.

Nimeshika mkononi muhtasari wa kikao cha ukoo wa namna tunayoiona kila wiki. Umeandikwa kwenye karatasi ya daftari, kwa kalamu mbili tofauti. Waliohudhuria ni 14, wote wa upande wa baba isipokuwa mjane. Mjane ameandikwa namba 13, jina lake la kwanza tu, na mbele yake pana dole gumba. Watoto wa Masaka hawapo. Kwa mtu wetu wa mfano, kikao kiitishwe tena. Mama wa watoto wale apigiwe simu, apangiwe siku ya kuvuka pale Murongo, majina ya watoto sita yaandikwe yote pamoja na miaka yao. Ndipo mjane aulizwe, mbele ya wote, kama yeye mwenyewe yuko tayari kuwa msimamizi.