Umekatwa SHIF, lakini je, imefika?

Leo nataka tuzungumzie mstari mmoja tu kwenye hati ya mshahara: ule ulioandikwa SHIF. Wengi wetu tukiuona pale twatulia, twajua bima ipo. Lakini mstari ule unathibitisha jambo moja pekee, kwamba pesa zimetoka kwako. Hausemi kama zimefika.

Tangu Oktoba 2024, SHIF ilipochukua nafasi ya NHIF, mwajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote, marupurupu yakiwemo. Mwajiri ndiye anayekata na kupeleka, na anatakiwa awe amepeleka kabla ya kupita tarehe 9 ya mwezi unaofuata. Hapeleki bahasha yenye jina lako. Anapeleka orodha ya wafanyakazi wote, na kila mmoja anatambulika kwa nambari yake ya kitambulisho. Kosa la kimya huingia hapo.

Tuchukue mfano. Kijana anafanya kazi ghala moja Changamwe, mshahara wake wote ni shilingi 32,000. Piga hesabu: 2.75 mara 320 ni shilingi 880. Hati yake kila mwezi yasema 880, sawasawa kabisa. Sasa karani aliyejaza orodha, pale nambari ya kitambulisho inapoishia 417, yeye aliandika 471. Jumla ya kampuni haibadiliki hata senti, malipo yanakubaliwa, mhasibu ana risiti yake. Ila zile 880 zimekwenda kwa nambari isiyo ya huyu kijana. Na kwa vile orodha ya mwezi huu hunakiliwa kutoka ya mwezi uliopita, kosa linajirudia mwezi baada ya mwezi.

Mbona hashtuki? Kwa sababu akiumwa homa aenda zahanati ya serikali, anatibiwa bila kulipa. Adhani bima inafanya kazi. Kumbe matibabu ya zahanati na vituo vya afya yanalipiwa na hazina nyingine, ya afya ya msingi, ambayo yataka uwe umesajiliwa SHA tu. Michango ya SHIF inahitajika pale unapolazwa hospitali kubwa. Basi siku mkewe anapohitaji upasuaji wa kujifungua, dirishani anaambiwa: michango yako haionekani. Hapo ndipo anajua, na pesa za kulipa hana.

Usingoje siku hiyo. Ikifika katikati ya mwezi, ingia Afya Yangu kwenye afyayangu.go.ke, au piga *147# kwa simu ya kawaida, utumie nambari yako ya kitambulisho. Tazama mambo mawili: kama uko hai, na michango ya miezi iliyopita. Kisha toa hati zako za mshahara uzilinganishe mwezi kwa mwezi. Mwezi uliokatwa na hauonekani, uandike. Ukiwa huko, hakikisha pia mke au mume na watoto wameorodheshwa chini yako, maana kulipa peke yake hakuwaingizi.

Ukikuta pengo, usianze kwa ugomvi. Mara nyingi ni kosa la mkono, si wizi. Mwandikie mwajiri, barua au ujumbe, ubaki na nakala. Ambatisha picha ya kitambulisho na hati za miezi husika, na uombe vitu viwili: uthibitisho wa malipo ya miezi hiyo, na ule mstari wako kwenye orodha iliyopelekwa. Risiti ya jumla isikutosheleze. Kwa kijana wetu wa ghalani, risiti ilikuwepo miezi yote. Kilichomfichua mkosaji ni ule mstari, 417 na 471 zikitazamana.

Mstari ukiwa na kosa, mwajiri arekebishe orodha na afuatilie SHA ili malipo yahamishiwe kwako. Wewe pia fika ofisi ya SHA na nakala zako. Kama hakuna malipo kabisa, hilo si kosa la karani tena. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, inamtaka mwajiri akishakata apeleke kwa wakati, na asipofanya hivyo ni kosa la jinai. Nenda kwa afisa wa kazi wa serikali.

Kuna wenzetu hawapewi hati ya mshahara, hupokea tu pesa kwa simu. Kifungu cha 20 cha sheria hiyo hiyo kinakupa haki ya maelezo ya maandishi ya makato, mradi wewe si kibarua. Idai sasa, maana bila karatasi ile huna cha kulinganisha.

Kabla ya kulala leo, piga *147#. Ukiona pengo, kesho asubuhi barua iwe mezani kwa mhasibu.