Daftari kwanza, bunduki baadaye

Msikilizaji, sisi wa Mkomani tunaishi jirani na kambi ya Nyali, na upande wa Likoni kuna kituo cha wanamaji cha Mtongwe. Kwa hivyo tukitaja jeshi, huwa tunawafikiria wale wanaoamkia gwaride kila siku. Lakini nchi nyingi zina jeshi la pili lisiloonekana, jeshi la akiba, na watu wake mchana ni makuli, walimu na wavuvi. Wako wa aina mbili: mwanajeshi aliyemaliza utumishi ambaye jina lake limebaki kwenye orodha, na raia aliyefunzwa mtaani kwake, anayevaa sare akiitwa tu. Leo nadai kwamba nguvu ya wote wawili haipimwi kwa bunduki. Hupimwa kwa daftari: nani amefunzwa, anajua kazi gani, na sasa anaishi wapi.

Tuitazame Tanzania. Majeshi ya Idi Amin yalipovamia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, jeshi la Tanzania lilikuwa na watu wasiofika 40,000. Waziri Mkuu, Edward Sokoine, aliwaagiza wakuu wa mikoa wakusanye kila walichonacho kwa ajili ya vita, na baada ya wiki chache watu walipita 150,000. Hakuna serikali inayoweza kumfunza mtu kulenga shabaha, kulinda daraja na kutii amri kwa muda huo akiwa anaanza sufuri. Wengi wa walioongezeka walikuwa tayari wanajulikana: polisi, askari magereza, vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa 1963, na mgambo wapatao 40,000. Mgambo walikuwa wametiliwa mkazo na Mwongozo wa TANU wa Februari 1971, muda mfupi baada ya Amin kupindua serikali mjini Kampala. Miaka saba ya kuandikisha na kufunza ndiyo iliyozaa zile wiki chache. Hata leo, mgambo wa Tanzania hufunzwa wilayani chini ya mshauri wa mgambo, ambaye ni mwanajeshi, na mafunzo huchukua miezi kadhaa. Wakishahitimu, hurudi makwao.

Hesabu hiyo pia ina doa, na wanaoitaja Kagera kwa fahari huliruka. Polisi ukimhesabu kuwa askari wa akiba, siku ya vita umemwondoa kituoni, na mtaa wake hauachi kuhitaji ulinzi. Mtu huyohuyo hawezi kujaza nafasi mbili. Ndiyo maana mgambo, aliyetoka shambani, ni akiba halisi kuliko askari magereza, ijapokuwa amefunzwa kidogo. Udogo huo wa mafunzo ndio unaoamua apewe kazi gani: kulinda ghala, daraja au njia ya reli, ili askari wa kudumu awe huru kwenda mbele.

Wapo watakaonipinga, na hoja yao ina uzito hapa pwani. Watasema ukifunza raia silaha, unajitafutia maafa. Watanikumbusha Agosti 1997, washambuliaji walipovamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi na kutwaa bunduki, kisha vurugu zikafukuza maelfu ya watu makwao. Uchungu huo siupuuzi. Lakini tuangalie uchunguzi uliofuata ulionyesha nini: miongoni mwa washambuliaji walikuwamo watu waliowahi kutumikia jeshi. Ujuzi wao ulilipiwa na umma, na walipotoka hakuna aliyekuwa akiwafuatilia. Mtu aliyefunzwa asiyeandikwa popote, asiyeitwa hata siku moja kwa mwaka kuhakikiwa, hajaacha kuwa askari. Ameacha tu kuwa na mkubwa. Akiba iliyopangwa vizuri humwacha nyumbani bila bunduki, silaha zikibaki ghalani, huku anwani yake ikijulikana.

Wengine wanaogopa kwamba akiba itaitwa dhidi ya wananchi wenyewe. Hofu hiyo haitulizwi kwa ahadi, na jibu lake limo katika Katiba ya Kenya. Ibara ya 241 inaruhusu Majeshi ya Ulinzi kupelekwa kurejesha amani penye machafuko nchini kwa idhini ya Bunge la Taifa pekee. Kwa maoni yangu, wito wa akiba ungepaswa kubanwa hivyohivyo: useme ni tukio gani, ni eneo gani na ni kwa siku ngapi, na ukiisha muda uombwe upya. Pia mwajiri azuiwe kumfuta kazi aliyeitwa, kwa sababu kuli anayejua kwamba nafasi yake bandarini itapewa mwingine hatafungua mlango siku ya wito, hata daftari likiwa safi namna gani.