Jina Moja, Lugha Mbili: Orodha Hakiki ya Trei ya Dharura katika Wodi ya Wazazi

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha hakiki ya upasuaji salama, yenye vipengele 19. Ilijaribiwa katika hospitali 8 duniani, na mojawapo ilikuwa Ifakara, mkoani Morogoro. Matokeo yalichapishwa mwaka 2009: vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Tangu hapo karatasi ya kuwekea tiki imekuwa sehemu ya kawaida ya kazi ya hospitali, na wodi nyingi zimekuwa zikitengeneza za kwao.

Mhadhara huu unahusu karatasi moja ya aina hiyo: ile inayokagua trei ya dharura ya mama anayetokwa damu nyingi baada ya kujifungua. Imechaguliwa kwa sababu hutumiwa na watu wa lugha mbili kwa wakati mmoja. Muuguzi wa Tanzania husomea taaluma yake kwa Kiingereza, lakini zamu hukabidhiwa kwa Kiswahili. Mhudumu wa wodi anayejaza trei huenda hakusoma Kiingereza zaidi ya kile cha shule. Zanzibar, madaktari kutoka jimbo la Jiangsu nchini China wamekuwa wakihudumu tangu 1964, na baadhi ya hospitali za bara hupokea wageni wa namna hiyo. Karatasi ya Kiswahili peke yake itamwacha mmoja nje, na ya Kiingereza peke yake itamwacha mwingine.

Kwamba trei yenyewe ina kazi kubwa hakuna tena ubishi. Utafiti uitwao E-MOTIVE, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuchapishwa mwaka 2023, uliwapa wakunga njia ya kupima damu inayotoka, hatua chache za tiba zinazotolewa kwa pamoja, na toroli au sanduku lenye kila kinachohitajika. Akina mama waliotokwa damu nyingi kupita kiasi, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo kwa sababu hiyo au waliofariki kwa sababu hiyo walipungua kwa asilimia 60. Vifaa vilikuwa mahali pamoja, na vilikuwepo.

Mtu anayeandika karatasi ya lugha mbili kwa mara ya kwanza hutafsiri kila kitu. Huo ndio mwanzo wa matatizo. Katika trei hii kuna dawa tatu ambazo wodini zote huitwa dawa ya kuzuia damu: oksitosini, asidi ya traneksamiki na misoprostoli. Ya kwanza huchomwa na kulifanya tumbo la uzazi likaze. Ya pili huingizwa taratibu kwenye mshipa na kusaidia damu igande. Ya tatu ni vidonge. Mtafsiri mwenye nia njema akiandika "dawa ya kuzuia damu" mara tatu ameziunganisha dawa tatu katika jina moja. Akijaribu kuzitofautisha kwa maelezo, kama "ya sindano" na "ya dripu", atakwama tena, kwa sababu neno sindano wodini hubeba ncha ya chuma, bomba lake na tendo lenyewe la kuchoma. Dripu nayo ni maji, ni mpira wake, na pengine hata nguzo ya kuitundikia. Mhudumu anayesoma "Sindano 5" ana haki ya kuleta ncha tano. Aliyeandika alitaka bomba la mililita tano.

Kwa hiyo jina la kitu huandikwa lilivyochapwa kwenye ampuli, kopo au pakiti iliyo mkononi, herufi kwa herufi, pamoja na nguvu ya dawa na ujazo. Jina hilo halibadiliki, iwe karatasi ni ya Kiswahili au ya Kiingereza. Macho ya mhudumu hayahitaji kujua Kiingereza ili kulinganisha herufi za kwenye karatasi na herufi za kwenye ampuli; yanahitaji herufi zifanane. Hili lina uzito wa pekee kwa asidi ya traneksamiki. Shirika la Afya Duniani limekwisha kuonya kwamba ampuli zake hufananishwa na za bupivakaini, dawa ya ganzi ya uti wa mgongo. Ikichomwa kimakosa kwenye uti wa mgongo, huleta degedege na mara nyingi huua. Anayetegemea umbo la ampuli au rangi ya maandishi hana kinga yoyote. Anayesoma jina kamili anayo.

Mambo yote mengine hutafsiriwa, tena kikamilifu: tendo la kufanya, idadi, mahali kitu kinapokaa, na kazi yake. Katika mstari wa oksitosini, upande wa Kiswahili utasema: hesabu ampuli, soma tarehe ya mwisho wa matumizi, hakikisha friji inasoma kati ya nyuzi 2 na 8. Maneno hayo yawe ya kawaida kabisa. Kama wodi husema "mpira wa mkojo", maelezo yaseme mpira wa mkojo, huku jina la kwenye pakiti likibaki kwenye safu yake.

Sehemu mbili za tafsiri zinahitaji uangalifu kuliko nyingine. Ya kwanza ni maswali ya kukanusha. Chukua swali "Ampuli hazijapita muda?" Mzungumzaji wa Kiswahili ambaye ampuli zake ni nzima atajibu "Ndiyo", akiwa na maana kwamba ni kweli hazijapita. Mzungumzaji wa Kiingereza mwenye ampuli hizohizo, akiulizwa swali hilohilo kwa lugha yake, atajibu kinyume. Wote wawili wamesema kweli, na visanduku vyao vinapingana. Njia pekee ya uhakika ni kuliondoa swali la kukanusha na kuandika "Muda wa matumizi bado upo" katika lugha zote mbili, ili tiki iwe na maana moja.

Ya pili ni saa, na hapa kosa linaweza kumfikia mgonjwa. Asidi ya traneksamiki hutolewa gramu 1, ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue. Muda huo ukipita haipendekezwi. Fikiria mama aliyejifungua saa 8 mchana. Mkunga anaandika "8" kwenye karatasi. Saa moja baadaye damu inaanza kutoka kwa wingi, na daktari asiyezoea saa za Kiswahili anaisoma 8 hiyo kuwa saa ya Kiingereza ya asubuhi. Kwa hesabu yake mama amemaliza saa saba tangu ajifungue, na dawa imeshachelewa. Kwa kweli zimebaki saa mbili nzima. Karatasi ingekuwa na safu inayodai tarakimu nne, mkunga angeandika `14:00`, na wote wawili wangesoma kitu kimoja. Mazungumzo yabaki kwa saa za Kiswahili. Karatasi itumie tarakimu za saa 24, kwa pande zote mbili.

Sasa utengenezaji wenyewe. Karatasi nyingi za lugha mbili huharibika kwa sababu majina huchapwa mara mbili, na anayechapa mara mbili hukosea mara moja. Kwenye faili la kompyuta panatosha kurasa tatu: `MAJINA`, `SW` na `EN`. Ukurasa wa kwanza ndio pekee unaochapwa majina, kwa kunakili kutoka kwenye pakiti zilizopo:

```
A2: Oxytocin 10 IU/ml 1 ml
A3: Tranexamic acid 100 mg/ml 5 ml
A4: Misoprostol 200 mcg
A5: IV cannula 16G
A6: Syringe 5 ml
```

Kurasa mbili nyingine huvuta jina kutoka hapo kwa `=MAJINA!A2` na kushuka hivyo hivyo hadi mwisho. Safu za maelekezo ndizo huandikwa kwa lugha husika. Idadi nayo ihesabiwe kwa umbo lililomo kwenye trei: gramu 1 ya asidi ya traneksamiki ni ampuli mbili za mililita 5 kila moja, na mikrogramu 800 za misoprostoli, kiwango cha kutibu, ni vidonge vinne. Mhudumu asiachiwe hesabu hiyo usiku wa manane.

Kama wodi ina karatasi za zamani zilizochapwa mara mbili, zipimwe kabla ya kutumika tena:

```
=EXACT(SW!A2,EN!A2)
```

Jibu `FALSE` lina maana kwamba majina hayafanani, hata kama kwa macho yanafanana. Mara nyingi chanzo ni nafasi iliyobaki mwishoni mwa neno au herufi kubwa iliyowekwa upande mmoja tu. Kwa msomaji wa karatasi nafasi hiyo si kitu. Lakini hesabu za mwezi zikijumlishwa kwa jina, kompyuta itaiona dawa moja kuwa mbili, na nusu ya akiba itaonekana imepotea.

Mpangilio wa mistari pia uwe mmoja katika kurasa zote, ukifuata jinsi vitu vilivyopangwa kwenye trei. Anayepanga upya ukurasa wa Kiswahili kwa alfabeti hujikuta maelekezo ya oksitosini yamekaa mbele ya jina la misoprostoli, kwani majina huvutwa kwa namba ya mstari na maelekezo huhama yenyewe. Mahali karatasi inaporuhusu, kuna njia bora kuliko zote hizi: jina lichapwe mara moja tu katikati, Kiswahili kushoto, Kiingereza kulia. Jina lililochapwa mara moja haliwezi kutofautiana na lenyewe.

Njia hii ina mipaka yake. Jina la kwenye ampuli halimwambii mhudumu mgeni dawa inafanya nini, ndiyo maana safu ya kazi yake isiondolewe hata nafasi ikibana. Tena, jina ni sahihi kwa shehena iliyopo tu. Ampuli za uniti 10 zikiisha na za uniti 5 zikaletwa, mstari wa `A2` umeshakuwa wa uongo, katika lugha zote mbili kwa pamoja, na ampuli moja haitoshi tena kwa kipimo cha uniti 10. Anayepokea dawa kutoka stoo ndiye apewe jukumu la kubadilisha ukurasa wa `MAJINA` siku ileile, na kuzing'oa karatasi za zamani ukutani.

Kabla karatasi haijabandikwa, ijaribiwe na watu wawili ambao hawakuiandika. Mmoja ashike ya Kiingereza na kutaja mstari. Mwingine, mwenye ya Kiswahili peke yake, atoe kitu hicho kwenye trei na kusoma jina lake kwa sauti. Kila anaposita, kosa liko kwenye mstari huo na mtu huyo hana lawama. Wasimamizi wa wodi za wazazi wanaombwa waanze na trei hii moja, waifanyie jaribio hilo wakati wa kukabidhiana zamu, kisha warekebishe mistari iliyowakwamisha wasomaji kabla ya kuigusa orodha nyingine yoyote.