Hela itoke kwa hatua: mkopo wa asilimia 10 na kalenda ya mwaka wa kwanza

Vijana wenzangu wa Kasulu,

Kifungu cha 37A cha Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, kilichoongezwa mwaka 2018, kinaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba. Fungu la vijana ni asilimia 4. Hiyo ni haki yetu, si hisani ya mtu. Ila ni deni, litarudishwa.

Tufanye kikundi kinalima maharage ekari 4, kimepata milioni 3. Jamani, msizitoe zote siku moja.

Septemba itoke laki 6 ya kulima tu. Anayejibu ni katibu, si "kamati", maana kamati haiulizwi. Wanachama wawili wengine waende na kamba, wapime. Zikitimia ekari 4, ndipo hela ya mbegu itoke kabla ya mvua, na mweka hazina alete risiti. Maharage yakishaota, itoke hela ya palizi. Inayobaki ni ya kuvuna na magunia, Januari.

Ukisikia "maandalizi yanaendelea", jua hatua haijafika. Funga akaunti kwanza.

Na mkopo ukichelewa mpaka Desemba? Msilazimishe. Sogezeni kalenda yote kwenye msimu wa pili, na kabla ya kusaini mkataba ombeni marejesho yaanze baada ya mavuno hayo. Ukishasaini, tarehe inakubana wewe.

Maswali sasa.