Daftari la Siku Thelathini: Kuzitafuta Pesa Ndogo Ndogo Zinazotutoka

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Karatu



1. Utangulizi

Mimi ni mwenzenu. Nafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya kitalii iliyo kwenye barabara ya kupanda kuelekea lango la Lodoare, na ni mtunza hazina wa kikundi chetu. Nimeombwa nieleze jinsi nilivyoandika kila shilingi niliyotumia kwa mwezi mzima wa Agosti, na nilichokigundua. Nitatumia daftari langu mwenyewe, kwa kuwa ndilo ninaloweza kulitetea mbele yenu.

Kilichonisukuma ni jambo moja. Agosti ni msimu wa wageni: kazi ipo na bahshishi zinagawanywa. Hata hivyo, miaka miwili mfululizo nilikuwa nafika mwisho wa Agosti nikikopa kikundini ili ninunue sare za watoto. Nikajiambia kwamba mshahara ni mdogo. Mshahara ni mdogo kweli, lakini daftari lilinionyesha kuwa hiyo haikuwa sababu pekee.

2. Namna ya kuandika

Vifaa ni daftari dogo la kuingia mfukoni na kalamu. Kila ukurasa una safu nne: tarehe, kitu, kiasi, na sababu. Wengi huiacha safu ya sababu, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Ukiandika "boda 5,000" umeandika gharama tu. Ukiandika "boda 5,000, nimeachwa na gari la wafanyakazi" umeshaanza kupata dawa.

Unaandika papo hapo, kabla chenji haijaingia mfukoni. Usisubiri usiku ukumbuke. Mambo makubwa utayakumbuka, lakini andazi la shilingi 300 halikumbukwi, na sisi andazi hilo ndilo tunalolitafuta.

Jioni, kabla ya kulala, unahesabu fedha zilizobaki. Hesabu yake ni hii: zilizokuwepo asubuhi, jumlisha zilizoingia, toa zilizoandikwa. Jibu unalilinganisha na kilichomo mfukoni. Tofauti iliyopo naiita pengo.

Nitoe mfano wa siku moja. Alhamisi moja nilitoka nyumbani na shilingi 14,500. Niliandika boda 1,000, chai na chapati mbili 1,500, vocha 500, nyanya na vitunguu 2,000. Jumla 5,000, kwa hiyo nilipaswa kuwa na 9,500. Nilipohesabu nikakuta 8,300. Pengo 1,200. Nikakaa kitandani nikirudisha siku nyuma saa kwa saa, ndipo nikakumbuka kwamba mwenzangu wa jikoni alikopa 1,000 kwangu, na peremende za mtoto zilikuwa 200. Ile 1,000 si matumizi, ni deni, nikaiandika ukurasa wa nyuma. Kama nisingehesabu jioni ile, ningeisahau, na yeye naye angesahau kunilipa.

Pengo ndilo linalokuambia kama daftari lako linasema kweli. Daftari lisilolinganishwa na mfuko hujaa vitu vya heshima kama unga, mafuta na ada, huku vile vidogo vikibaki nje. Wiki ya kwanza pengo langu lilikuwa kubwa karibu kila siku. Wiki ya nne lilikuwa limebaki mia mbili, mia tatu.

Fedha za simu zina ukurasa wake. Ukihamisha 50,000 kutoka benki kwenda kwenye simu, hujatumia kitu. Kilichotumika ni ada ya kuhamisha. Ukitoa kwa wakala, kilichotumika ni ada ya kutoa. Ukiziandika fedha zenyewe kama matumizi, halafu ukaandika tena ulichonunua nazo, umezihesabu mara mbili na mwezi mzima utaharibika. Msifute jumbe za miamala. Zina kiasi, saa na makato, na ni daftari lililokwisha kuandikwa.

Jambo la mwisho ni hili: mwezi huo usijibane. Tumia kama ulivyozoea. Ukianza kujinyima tarehe mbili, utakuwa unampima mtu mwingine, na mwezi ujao yule wa zamani atarudi.

3. Agosti ilivyokuwa

Mapato yangu yalikuwa mshahara wa 420,000 baada ya makato na bahshishi 70,000, jumla 490,000.

Matumizi makubwa yalikuwa saba: pango, chakula cha nyumbani, mkaa na umeme na maji, mahitaji ya shule, hisa za kikundi 40,000, fedha za mama kijijini, na mchango wa msiba mmoja. Yote yalifikia 362,000. Hapo sikuona cha kupunguza. Nataka nisisitize, kwa sababu tukianza kuzungumzia kubana matumizi watu hukimbilia michango na fedha za wazazi. Mchango wa msiba niliutoa mara moja, nikijua ninachofanya. Tundu tunalolitafuta ni lile linalojirudia bila wewe kuamua.

Zilibaki 128,000. Mwisho wa mwezi nilikuwa na 8,000. Kwa hiyo 120,000 zilipita katikati, karibu robo ya mapato yangu, mara tatu ya hisa zangu. Ziligawanyika hivi:

Boda 46,000.
Chai, vitafunio na soda 28,500.
Bando na vocha 21,600.
Ada za kutoa fedha kwa wakala 13,500.
Pengo, yaani zisizojulikana, 10,400.

Hakuna hata kimoja hapo kilichonitoa kiasi cha kunishtua kwa siku. Ndiyo maana nawashauri msiangalie kiasi kwanza, hesabuni mara. Bando la 500 nilinunua mara 34 ndani ya siku 31. Salio la kukopa nilichukua mara nne, nikalipa 4,600 kwa salio la 4,000. Kwa wakala nilikwenda mara tisa, kila mara nikitoa kidogo kwa kuogopa kukaa na fedha taslimu, na kila mara nikikatwa.

4. Matundu matatu, chanzo kimoja

Hapa safu ya sababu ilinisaidia. Siku za kazi zilikuwa 26. Siku 21 nililipa boda 1,000 kunifikisha kituoni kwenye gari la wafanyakazi linaloondoka saa 12 kamili asubuhi. Siku tano nililikosa gari hilo, nikapanda boda hadi kazini kwa 5,000. Siku tano tu, lakini zilikula 25,000, zaidi ya zile 21 zote.

Nikatazama safu ya chai. Mara 19 nilikunywa chai kibandani, na sababu ilikuwa ileile: "nimetoka bila kunywa kitu". Mnaijua baridi ya Karatu ya Agosti, na ukungu unaoshuka kutoka msituni. Mtu aliyetoka tumbo tupu hawezi kukipita kibanda chenye chai ya tangawizi. Na mara nyingi bando nililinunua hapohapo, nikisubiri, kutoka kwenye chenji.

Kumbe boda ya 5,000, chai na sehemu ya bando vilikuwa na mzizi mmoja: nilikuwa nachelewa kuamka kwa dakika ishirini. Nisingeandika, ningejilaumu kwa kupenda chapati.

5. Septemba: kuziba na kupima tena

Nilibadilisha mambo matatu. Chai ilichemshwa usiku ikawekwa kwenye chupa. Bando nikanunua la wiki siku ya Jumatatu. Fedha nikatoa mara tatu tu kwa mwezi.

Gari nililikosa mara moja tu. Boda zikawa 30,000. Zile za alfajiri sikuzifuta, kwa kuwa kutembea gizani si salama, na gharama inayolinda kazi na uhai wako si tundu. Chai ya kibandani ilishuka hadi 9,000, lakini majani, sukari na unga wa ngano nyumbani viliongezeka kwa 8,000, kwa hiyo nilichookoa ni 11,500 peke yake. Wengi husahau kutoa gharama ya kitu mbadala na kujidanganya. Bando likawa 12,000. Ada za kutoa zikawa 7,500. Ukijumlisha vyote, nilibakiwa na 43,100 zaidi ya Agosti: hisa zangu za mwezi mzima na chenji.

Fedha hizo sikuziacha mfukoni. Tundu likizibwa bila fedha kupewa mahali pa kukaa, hutafuta tundu jingine. Kila mkutano wa wiki nilipeleka 10,000 sandukuni.

6. Mipaka ya daftari hili

Kwanza, msimu. Agosti yangu si Aprili. Masika wageni hupungua, zamu hupungua, na bahshishi hukauka. Anayefanya kazi za utalii aandike mwezi mmoja wa msimu na mmoja wa masika, ndipo aujue mwaka wake.

Pili, wenzetu wa tarafa ya Ngorongoro, kutoka Endulen na Nainokanoka. Ndani ya hifadhi kilimo hakiruhusiwi, kwa hiyo mahindi hununuliwa, mara nyingi huku Karatu. Nauli ya kuyafuata isiandikwe kama usafiri, ijumlishwe kwenye bei ya gunia. Hapo ndipo utaona kama kuja watu watatu kwa safari moja na magunia mengi ni nafuu kuliko kila mtu kuja na debe lake. Na kwa mfugaji, mapato hayaji mwisho wa mwezi, huja siku ya kuuza mbuzi au ng'ombe mnadani. Daftari lake liende kutoka mauzo hadi mauzo, hata kama ni siku 45.

Tatu, ndani ya nyumba. Kila mmoja awe na daftari lake, na mwisho wa mwezi mlinganishe jumla, msikaguane mstari kwa mstari. Mtu anayejua kuwa atahojiwa huacha kuandika, na pengo hurudi.

Nne, daftari haliongezi mshahara. Anayepata pungufu ya chakula na pango hana tundu la kuziba, ana haja ya kipato, na tusimhubirie kuhusu soda.

7. Hitimisho na ombi

Wengi huacha kuandika kati ya siku ya nane na ya kumi, wakiwa wamesahau siku mbili na kuona aibu kuendelea. Ukisahau, hesabu kilichomo mfukoni, andika tofauti yote kama pengo, kisha endelea. Mwezi wenye pengo kubwa bado unakufundisha kuliko mwezi usioandikwa.

Ninaomba kila mwanachama aanze siku atakayopokea mshahara au atakayouza mazao, na baada ya siku thelathini aje kikundini na namba tatu tu: kitu alichokinunua mara nyingi kuliko vyote, mara ngapi, na sababu aliyoiandika. Daftari lenyewe libaki kwake.